Kulinganisha Risiti ya Benki na Ankara ya Ada: Fedha za Nani, za Deni Lipi, na Kimebaki Kiasi Gani

Mzazi anafika kwenye dirisha la mhasibu wa shule akiwa na risiti ya benki mkononi, na mhasibu anafungua leja ya mwanafunzi na kumwambia kwamba mtoto bado anadaiwa ada yote. Mara nyingi hakuna kati yao anayesema uongo. Risiti ni ya kweli, leja imeandikwa kwa uaminifu, lakini kati ya karatasi hizo mbili kuna hatua ambazo ama hazikufanyika, ama zilifanyika kwa namba isiyo sahihi. Makala haya yanaeleza hatua hizo kama zinavyofanyika katika shule binafsi ya sekondari nchini Tanzania, maana huko ndiko ada inakolipwa hasa: katika shule za serikali ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23.

Ugumu wa kazi hii hautoki kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa. Unatoka kwenye ukweli kwamba kila karatasi inajibu swali lake moja tu, na watu huitaka ijibu swali la karatasi nyingine. Ankara inasema mwanafunzi alitozwa nini siku ile ilipoandikwa. Risiti ya benki inasema mtu fulani aliagiza au aliweka kiasi fulani siku fulani. Namba ya mwanafunzi inasema fedha ziingizwe kwenye leja ya nani. Deni lililobaki halisemwi na karatasi yoyote kati ya hizo. Hupatikana kwenye leja peke yake, na leja huwa sahihi pale tu zile nyingine tatu zinapokuwa zimekwisha kusomwa pamoja.

Jambo la kwanza ni kujua kama fedha zimefika, na jambo hili halithibitishwi kwa risiti bali kwa taarifa ya benki ya akaunti ya shule. Risiti ni ushahidi wa mlipaji. Taarifa ya benki ni ushahidi wa mpokeaji. Mhasibu makini huchukua kutoka kwenye risiti vitu vinne, yaani namba ya akaunti iliyopokea, tarehe, kiasi na namba ya muamala, kisha huvitafuta kwenye taarifa ya benki kabla ya kugusa leja. Namba ya akaunti huangaliwa kwanza kwa sababu shule nyingi zina akaunti zaidi ya moja, moja ya ada, nyingine ya usafiri au ya ujenzi, na fedha zilizoingia kwenye akaunti ya ujenzi hazitaonekana kamwe kwenye taarifa ya akaunti ya ada hata zikitafutwa mwezi mzima.

Tarehe nayo ina mitego yake. Mzazi anayehamisha fedha kutoka benki nyingine siku ya Ijumaa jioni anaweza kupewa risiti ya Ijumaa ilhali akaunti ya shule inapokea fedha siku ya kazi inayofuata. Ijumaa hiyo ikiwa ni tarehe 9 Januari 2026, siku ya kazi inayofuata ni Jumanne tarehe 13, kwa kuwa Jumatatu tarehe 12 ni Siku ya Mapinduzi na benki zimefungwa. Mhasibu anayetafuta muamala wa tarehe 9 peke yake hataupata, naye anaweza kumwandikia mzazi kwamba malipo hayapo. Kwa hiyo utafutaji hufanywa kwa kiasi na namba ya muamala kwanza, na tarehe huachiwa siku kadhaa za nafasi. Lakini risiti ikiwa na wiki nzima na taarifa ya benki haina kitu, huo si ucheleweshaji tena. Ama malipo yalirudishwa kwa mlipaji, ama yaliingia akaunti nyingine, na mzazi anapaswa kurudi kwenye benki yake akiwa na namba ya muamala.

Kwenye kiasi, risiti nyingi za simu na za mawakala huonyesha tarakimu mbili: kiasi kilichotumwa, na jumla iliyotoka kwa mlipaji pamoja na makato ya huduma. Mzazi hukumbuka ile kubwa, maana ndiyo iliyotoka mfukoni mwake. Shule huingiza ile iliyofika. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ikijirudia kila awamu huonekana mwisho wa mwaka kama deni ambalo mzazi haelewi limetoka wapi, na ni afadhali ielezwe mara ya kwanza inapotokea.

Namba ya muamala ndiyo kinga dhidi ya risiti moja kutumika mara mbili, na hapa sizungumzii udanganyifu tu. Baba hutuma picha ya risiti kwa simu ya ofisi, mama huileta karatasi yenyewe siku ya kufungua shule, na wahasibu wawili tofauti huiingiza kila mmoja kwa nia njema. Shule inayotunza malipo kwenye jedwali la kompyuta inaweza kuligundua hilo kwa fomyula fupi. Ikiwa namba za muamala ziko safu ya C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 500, fomyula hii, ikiandikwa kwenye mstari wa 2 na kunakiliwa hadi wa 500, itaonyesha TRUE kwa kila namba iliyojirudia:

```
=SUMPRODUCT(--(C$2:C$500=C2))>1
```

Wengi hutumia COUNTIF kwa kazi hiyohiyo, nayo hufaa namba zikiwa fupi. Excel, hata hivyo, hutunza tarakimu 15 tu za namba, na COUNTIF huzichukulia namba ndefu kama namba za hesabu hata pale zilipoandikwa kama maandishi, kwa hiyo namba mbili za muamala zenye tarakimu 18 zinazotofautiana mwishoni tu huonekana kama moja. Safu ya namba za muamala ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, ili pia sifuri za mwanzo zisipotee.

Sehemu inayoleta makosa mengi kuliko zote ni ya pili: fedha hizi ni za nani? Kwenye malipo ya ada huzunguka namba tatu ambazo wazazi, na wakati mwingine hata wafanyakazi wa benki, huzichanganya. Kuna namba ya muamala, ambayo benki huitoa na hutumika mara moja tu. Kuna namba ya ankara, ambayo shule huitoa kila inapotoza. Na kuna namba ya mwanafunzi, ambayo hukaa naye tangu anapojiunga hadi anapomaliza. Katika malipo ya serikali, kumbukumbu namba ambayo wengi huiita kontroo namba hutolewa kwa ajili ya bili mahususi, kwa hiyo malipo yakiingia mfumo unajua tayari yanahusu deni lipi. Shule binafsi nyingi hazina utaratibu huo. Humpa mwanafunzi namba moja ya kudumu na kumwomba mzazi aiandike kwenye maelezo ya malipo. Namba hiyo inasema fedha ni za nani, lakini haisemi ni za deni lipi, na mhasibu hubaki na swali la pili mikononi.

Jina haliwezi kuchukua nafasi ya namba. Mlipaji anaweza kuwa mjomba, mwajiri wa mzazi au wakala aliyeacha jina lake mwenyewe kwenye hati, na mwanafunzi aliyeandikishwa kwa majina matatu huandikwa benki kwa mawili, kwa mpangilio mwingine. Shule yenye wanafunzi mia kadhaa haikosi watoto wawili wanaofanana majina mawili ya mwanzo. Jina lina kazi yake, nayo ni ya kuthibitisha: namba ikielekeza kwenye leja fulani na jina la mlipaji halina uhusiano wowote na familia hiyo, mhasibu asimame na kuuliza kabla ya kuingiza.

Kosa la kawaida la namba ni kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Mtu anayenakili 24031 huandika 24013 bila kuhisi chochote, na ikiwa 24013 ni mwanafunzi halisi, mfumo hauna sababu ya kukataa. Shule zinazopanga namba kwa mfululizo, mwaka wa kujiunga ukifuatwa na 001, 002 na kuendelea, ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa kuwa karibu kila kosa huangukia namba ya mtu. Dawa yake imejulikana kwa muda mrefu: kuongeza mwishoni tarakimu moja ya ukaguzi inayotokana na zile za mbele. Kwa namba 24031, zidisha tarakimu kwa 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo, upate 12, 20, 0, 9 na 2, jumla 43. Gawanya kwa 11, baki ni 10. Toa 10 kwenye 11, upate 1. Namba kamili inakuwa 240311. Mzazi akikosea akaandika 240131, mfumo unarudia hesabu kwa 24013, unapata jumla 41, baki 8, na tarakimu inayotakiwa ni 3 wala si 1. Malipo yanakataliwa palepale dirishani, au angalau yanawekwa kando yasiingie kwa mtu mwingine. Ikitokea hesabu inatoa 11, huandikwa 0, na ikitoa 10, namba hiyo huachwa isipewe mwanafunzi yeyote. Kinga hii hufanya kazi tu pale mfumo unaopokea malipo, wa benki au wa shule, umepangiwa kuikagua. Ikibaki kwenye kitambulisho cha mwanafunzi bila mtu wa kuihesabu, ni pambo.

Kisha inakuja ankara. Kosa la wazazi wengi ni kudhani kwamba jumla iliyo chini ya ankara ndiyo deni. Ankara ni picha ya siku moja na ya tozo za kipindi kimoja. Haina lazima ya kuonyesha bakaa la mwaka uliopita, na haiwezi kuonyesha punguzo lililoidhinishwa baada ya kuchapishwa, wala malipo yaliyopokelewa kabla mtoto hajapewa namba. Kosa linalofanana na hilo upande wa ofisi ni kudhani kwamba salio la leja ndilo deni, wakati leja bado haijaingiziwa hati ambazo ziko kwenye faili. Yote mawili yanaonekana vizuri kwenye mfano mmoja. Nimeupanga kutokana na mambo ambayo nimeyakuta mara nyingi nikifanya kazi hii, ingawa kiasi na namba ni za mfano.

Mzazi ana watoto wawili katika shule moja ya bweni. Mkubwa yuko kidato cha tatu, namba yake 24031. Mdogo ameanza kidato cha kwanza, namba yake 26008. Shule hii haina tarakimu ya ukaguzi. Ankara ya mkubwa kwa muhula wa kwanza wa 2026 ina ada shilingi 1,150,000 na mitihani 45,000, jumla 1,195,000. Ankara ya mdogo ina ada 1,150,000 na vifaa vya kuanzia 210,000, jumla 1,360,000. Ijumaa tarehe 9 Januari mzazi anahamisha fedha kutoka benki yake: 1,195,000 kwa ajili ya mkubwa na 700,000 kwa ajili ya mdogo, lakini anazituma kwa pamoja, 1,895,000, na kwenye maelezo anaandika ADA 24013 NA 26008. Benki yake inamkata 10,000 ya huduma, na risiti inaonyesha jumla ya 1,905,000.

Jumatano tarehe 14 anafika shuleni na hesabu yake kamili. Ankara mbili ni 2,555,000. Amelipa 1,905,000. Mwezi Desemba alilipa 200,000 ya kushikilia nafasi ya mdogo, na aliambiwa itahesabiwa ndani ya ada. Mkuu wa shule amemkubalia punguzo la ndugu, asilimia 10 ya ada ya mdogo, yaani 115,000. Anaona amebakiwa na 335,000. Orodha ya wadaiwa iliyo mezani kwa mhasibu inasema watoto wake wanadaiwa 2,735,000: mkubwa 1,375,000 na mdogo 1,360,000.

Tofauti kati yao ni shilingi 2,400,000, na mtu anaweza kupoteza siku akiikimbiza kama tofauti moja. Njia ya haraka ni kuacha salio zote mbili kwa muda na kuanza na kile ambacho hakuna anayeweza kukibishia, yaani taarifa ya benki. Mhasibu anatafuta namba ya muamala iliyo kwenye risiti na anaikuta tarehe 13, kiasi 1,895,000. Swali la kwanza limejibiwa: fedha zipo, na kiasi chake si 1,905,000. Sasa anatazama ziliingizwa wapi. Mfumo wa shule ulisoma namba ya kwanza kwenye maelezo na kuweka fedha zote kwenye leja ya 24013, mwanafunzi mwingine kabisa, ambaye ada yake ya 1,195,000 ilikwisha kulipwa yote tarehe 6 Januari. Leja ya mtoto huyo inaonyesha malipo ya ziada ya 1,895,000.

Salio la ziada kubwa namna hiyo ni dalili ambayo ilipaswa kumshtua mtu siku ileile. Wazazi wachache hulipa zaidi ya wanachodaiwa, na anayelipa kabla ya wakati kwa kawaida hulipa kiasi kinachofanana na awamu inayofuata. Kwa hiyo orodha ya wenye malipo ya ziada, ambayo ofisi nyingi haziichapishi kwa kuwa haina wa kumdai, kwa maoni yangu ndiyo ya kusomwa kwanza kila Jumatatu. Deni la uongo kwa mtoto mmoja karibu kila mara lina mwenzake kwenye orodha hiyo.

Kabla ya kuhamisha fedha, mhasibu anahakikisha mambo mawili. Malipo ya 24013 ya tarehe 6 yana namba yake ya muamala, tofauti na hii, kwa hiyo familia ile haitegemei fedha hizi. Na mlipaji wa tarehe 13, kwa jina lililo kwenye taarifa ya benki, ni mzazi aliyesimama mbele yake, ambaye anaandika na kusaini barua fupi inayotaja namba ya muamala, kiasi na mgawanyo anaoutaka. Mhasibu haonyeshi leja ya 24013 kwa mtu asiye mzazi wa mtoto huyo, hata kama ndiyo inayothibitisha maelezo yake. Kisha anaandika hati ya marekebisho: 1,895,000 inatoka 24013, 1,195,000 inaingia 24031, na 700,000 inaingia 26008. Ingizo la awali halifutwi. Mkaguzi wa mwisho wa mwaka atakuta muamala mmoja wa benki, ingizo moja lililokosewa, hati moja ya marekebisho iliyoidhinishwa na mtu mwingine asiye aliyeiandika, na ataelewa yote bila kuuliza. Angekuta ingizo lililofutwa, angekuwa na haki ya kushuku.

Bado kuna zile 200,000 za Desemba. Zilifika wakati mtoto hajapewa namba, kwa hiyo ziliwekwa kwenye akaunti ya kusubiri, mahali pa fedha ambazo zimepokelewa lakini mwenyewe hajajulikana. Kosa halikuwa kuziweka huko. Kosa lilikuwa kutozirudia mtoto alipopewa namba 26008. Mhasibu anazihamisha kwa hati nyingine, na anaingiza hati ya punguzo ya 115,000 ambayo ilikuwa kwenye faili la mkuu wa shule ikiwa imesainiwa lakini haijafika kwenye leja. Punguzo lisilo na hati haliingizwi, hata kama kila mtu anakumbuka lilikubaliwa, kwa sababu mwaka ujao hakutakuwa na anayekumbuka kwa kiasi kilekile.

Sasa hesabu inasimama. Mdogo alitozwa 1,360,000. Toa punguzo 115,000, toa 200,000 za Desemba, toa 700,000, inabaki 345,000. Mkubwa alitozwa 1,195,000 na zote zimelipwa, lakini leja yake inadai 180,000. Hapo mzazi anapinga, na upinzani wake una haki ya kujibiwa kwa karatasi. Mhasibu anafungua ukurasa wa 2025 na kuonyesha awamu ya mwisho ambayo ilipungua kwa 180,000 na ikahamishiwa mwaka mpya kama bakaa. Ankara ya Januari haikuitaja. Mzazi hakudanganya alipoiacha, alisoma alichopewa.

Deni la kweli, basi, ni 345,000 na 180,000, jumla 525,000. Mzazi alikuwa pungufu kwa 190,000, ambazo ni bakaa la 180,000 na makato ya benki ya 10,000. Ofisi ilikuwa imezidisha kwa 2,210,000, ambazo ni 1,895,000 zilizokaa kwa mtoto mwingine, 200,000 zilizokaa kwenye akaunti ya kusubiri, na 115,000 za punguzo. Hii ndiyo namna ya kujua kwamba ulinganisho umekamilika: si kufikia namba ambayo pande zote mbili zinaikubali, bali kuweza kutaja kila shilingi iliyozitenganisha na ile sahihi. Kama ingebaki tofauti ya 5,000 isiyo na jina, kazi isingekuwa imeisha hata kama mzazi angekuwa tayari kuilipa ili aondoke.

Kuna swali moja ambalo hesabu haiwezi kulijibu, nalo ni malipo yaanze kuziba deni lipi. Shule nyingi huziba bakaa la zamani kwanza. Katika mfano wetu, jumla ya deni la mkubwa ingebaki 180,000 kwa njia yoyote, lakini maana yake ingebadilika: ama ni bakaa la 2025 ambalo halijalipwa, ama ni upungufu wa ada ya muhula huu. Ikiwa shule ina kanuni kwamba mwanafunzi mwenye upungufu wa awamu ya sasa hapokelewi bwenini, wakati mwenye bakaa la zamani huandikiana na shule namna ya kulipa, chaguo hilo la kihasibu linaamua kama mtoto atalala shuleni usiku huo. Mimi nashika msimamo kwamba mlipaji akitaja kwa maandishi anacholipia, matakwa yake yafuatwe, na kanuni ya deni la zamani kwanza itumike pale tu alipokaa kimya. Vyovyote shule itakavyoamua, iandikwe kwenye fomu ya kujiunga na chini ya ankara, na bakaa litajwe kwenye ankara yenyewe kwa mstari wake, likitangulia jumla ya tozo mpya.

Wahasibu wana mbinu ya kale ya kutambua tarakimu zilizobadilishana kwenye kiasi: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda mtu ameandika, kwa mfano, 1,985,000 badala ya 1,895,000, maana tofauti yake ni 90,000. Mbinu hii ni nzuri kwa kuanzia, lakini isichukuliwe kama uthibitisho. Bakaa la mzazi wetu, 180,000, nalo linagawanyika kwa 9 barabara, wakati hakuna tarakimu yoyote ya kiasi iliyobadilishana. Mhasibu ambaye angeshika dalili hiyo angetafuta kosa la uandishi ambalo halipo, na asingefungua ukurasa wa 2025.

Mwisho wa mwezi kazi hii hukaguliwa kwa jumla. Fedha zote zilizoingia kwenye akaunti ya ada kwa mujibu wa taarifa ya benki lazima zilingane na jumla ya zilizoingizwa kwenye leja za wanafunzi, ukiongeza zilizowekwa kwenye akaunti ya kusubiri katika mwezi huo na mapato mengine yasiyo ya ada kama yapo, na kutoa zilizohamishwa kutoka akaunti ya kusubiri kwenda kwenye leja. Ukaguzi huu, ambao kwenye taarifa za hesabu huitwa usuluhishi wa benki, hugundua risiti iliyoingizwa mara mbili na malipo yaliyosahaulika. Lakini una mpaka ambao ni lazima ujulikane: hauwezi kugundua fedha zilizoingia kwa mtoto asiye wake. Katika mfano wetu 1,895,000 zilikuwa benki na zilikuwa kwenye leja, jumla ingelingana hadi shilingi ya mwisho, na watoto wawili wangeendelea kudaiwa. Kosa la aina hiyo huonekana kwenye leja za mmoja mmoja tu, na ndiyo maana kila malipo yanapoingizwa mzazi atumiwe stakabadhi ya shule yenye jina la mwanafunzi, namba yake, namba ya muamala, na salio kabla na baada ya malipo. Mzazi asiyeipata ndani ya siku chache ana sababu ya kuuliza mapema, kabla ya siku ya kufungua shule.

Mzazi wetu aliondoka siku ile na stakabadhi mbili za shule, moja ya 1,195,000 kwa 24031 na nyingine ya 700,000 kwa 26008, pamoja na taarifa ya leja ya kila mtoto. Nyuma ya kila moja mhasibu aliandika kwa herufi kubwa namba ya mwanafunzi na kiasi kilichobaki. Malipo yaliyofuata yalikuja kwa miamala miwili badala ya mmoja: 180,000 yenye namba 24031 na maneno BAKAA 2025, na 345,000 yenye namba 26008. Kila mmoja ulikuta leja yenye deni la kiasi hichohicho, na kuyaingiza yote mawili hakukuchukua hata dakika tano.